Mkataba wa Huduma kwa Mteja unasema "siku 7": dawati la taarifa limwambie mteja arudi tarehe ngapi?

#1 DawatiMbele

Wakuu, salaam. Nipo dawati la taarifa kwenye halmashauri moja Kanda ya Ziwa. Nimepewa kazi ya kuupitia Mkataba wetu wa Huduma kwa Mteja na kutoa karatasi moja ya kukaa hapa kaunta, ili mwananchi akiuliza "itachukua muda gani?" tumjibu sote jibu moja.

Kijitabu kimeanza na dira, dhamira na maadili ya msingi, kisha orodha ya wateja, kisha idara moja moja. Ahadi zenyewe zimetawanyika. Nyingine ziko kwenye jedwali la viwango vya huduma, nyingine zimejificha katikati ya aya, nyingine nimezikuta nyuma kabisa kwenye sehemu ya malalamiko. Mifano:

– "Barua zote zitajibiwa ndani ya siku 7 za kazi baada ya kupokelewa."
– "Kibali cha ujenzi kitatolewa ndani ya siku 14 baada ya maombi kukamilika."
– "Leseni ya biashara: siku 1."
– "Malalamiko yatashughulikiwa kwa wakati."

Kilichonisukuma kuuliza ni hiki. Mzee mmoja alileta barua Jumatatu tarehe 4 Agosti 2025. Mimi nilihesabu nikapata arudi tarehe 14, mwenzangu wa kaunta akasema tarehe 12, kijana wa masjala akasema tarehe 11. Mkataba ni huohuo mmoja, sentensi ni hiyohiyo. Mnaofanya kazi hizi mnachukua nini na kuacha nini? Na siku ya kwanza ni ipi?

#2 Kiti cha Mbele

Uzi mzuri. Nasubiri wataalamu.

#3 Shangazi Tabu

Mimi nimefuatilia hati ya kiwanja mpaka viatu vimeisha soli. Kila nikifika naambiwa faili liko mezani kwa mkubwa. Huo mkataba unasema hati ni siku ngapi? Nitajie niende nao kesho asubuhi.

#4 Mzee wa Masjala

DawatiMbele, kazi hiyo nimeifanya, na nilikaa masjala miaka mingi kabla ya kustaafu. Nianze na hesabu yako maana ndiyo yenye faida.

Wote watatu mmesoma sentensi moja lakini kila mmoja ametumia kanuni yake. Kijana wa masjala amehesabu siku za kalenda kuanzia kesho yake: 5, 6, 7, 8, 9, 10, 11. Amelisahau neno "za kazi". Mwenzako wa kaunta ameruka Jumamosi na Jumapili, sawa, ila ameihesabu Jumatatu yenyewe kuwa siku ya kwanza, tena ameihesabu tarehe 8 Agosti ambayo ni Nane Nane na ofisi imefungwa. Kwa hiyo kapata 4, 5, 6, 7, 8, 11, 12. Wewe umeanza Jumanne tarehe 5, ukaruka Nane Nane na wikiendi: 5, 6, 7, 11, 12, 13, 14. Kwa maneno yaliyoandikwa, "za kazi" na "baada ya kupokelewa", ya kwako ndiyo inayosimama.

Sasa tazama mlichokosa. Hakuna aliyeandika kanuni yake mahali. Kwa hiyo karatasi yako isiwe na safu mbili tu za "huduma" na "muda". Kila ahadi ivunje hivi: ni huduma gani, nani anaitoa, muda ni kiasi gani na kwa kipimo gani, saa ya kuhesabu inaanza kwenye tukio gani, inakoma kwenye tukio gani, na kwa sharti gani. Kisha pembeni nakili sentensi ya mkataba neno kwa neno pamoja na namba ya ukurasa. Hiyo nakala usiiguse hata kama ina kosa la tahajia. Mteja akibisha, au mkuu wa idara akija juu, unamwonyesha sentensi, si tafsiri yako.

Ile ya "kwa wakati" usiitupe na usiitafsiri. Iingize kwenye safu ya huduma, sehemu ya muda andika "haukutajwa". Nimewahi kuona karatasi ya dawati ambako mtu alibadilisha "mapema iwezekanavyo" kuwa "siku 3" kwa sababu aliona ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Baada ya muda wananchi wakawa wanadai siku 3 ambazo hakuna mkuu wa idara aliyewahi kuziahidi.

#5 Hoja Nzito

Mzee ameeleza vizuri, ila mnasahau jambo kubwa. Huo ni MKATABA. Ofisi imeahidi siku 14, ikipitisha siku ya 15 unaenda mahakamani kwa kuvunja mkataba. Na siku kisheria ni siku, Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa kila mahali.

#6 Kaka Wakili

Hoja Nzito, taratibu. Mikataba hii ilikuja na Programu ya Uboreshaji wa Utumishi wa Umma iliyoanza mwaka 2000. Ni tamko la ofisi kuhusu viwango vyake, si mkataba ambao wewe na ofisi mmeutia saini na kulipana. Kwenda kudai fidia kwa kuvunja mkataba kwa sababu kibali kimechelewa siku moja, hapo hutafika mbali. Kuna hoja nyingine nzito zaidi, kwamba ofisi ikitangaza hadharani utaratibu wake basi mwananchi ana haki ya kutarajia utaratibu huo ufuatwe, na hoja hiyo wenzangu wengine wanaiamini kuliko mimi. Lakini si jambo la kuandika kwenye karatasi ya kaunta.

Kuhusu siku, mkataba wenyewe umesema "za kazi". Palipoandikwa "za kazi" wikiendi haihesabiwi, hilo halina mjadala. Penye mjadala ni palipoandikwa "siku 14" tupu, kama kwenye kibali chake cha ujenzi.

#7 Hoja Nzito

Sawa nimekuelewa kwenye barua. Kwenye kibali bado nasema 14 ni 14. Angetaka siku za kazi angeandika, mbona kwenye barua ameandika?

#8 Dogo wa TEHAMA

Habari zenu. Kama mkataba uko kwenye PDF na maandishi yake yanachagulika, usiusome kwa jicho peke yake, utapitwa na ahadi. Mimi nilianza hivi:

```
pdftotext -layout mkataba.pdf mkataba.txt
grep -n -i -E 'siku|saa|dakika|wiki|mwezi|miezi' mkataba.txt
```

Inakuletea kila mstari wenye maneno hayo pamoja na namba ya mstari. Tatizo nililokutana nalo: neno "msaada" ndani yake kuna "saa", kwa hiyo kila "dawati la msaada" nalo likaja. "Sikukuu" nazo zikaja kwa sababu ya "siku". Ukiongeza `-w` inachukua neno zima tu, takataka zinapungua:

```
grep -n -i -w -E 'siku|saa|masaa|dakika|wiki|mwezi|miezi' mkataba.txt
```

Halafu ongeza "papo", "mara moja", "kwa wakati", "mapema", maana ndimo ahadi zisizo na namba zinamojificha. Kama ni skani tupu, yaani kurasa zilizopigwa picha, `pdftotext` itakupa faili tupu. Hapo lazima kwanza upitishe programu ya kusoma picha, na baada ya hapo kila namba uilinganishe na ukurasa kwa macho. Mimi 7 iligeuka 1 kwenye jedwali lililopigwa muhuri juu yake.

#9 Mzee wa Masjala

Dogo umefanya jambo la maana. Naongeza moja: usichukue mstari, chukua sentensi nzima na kichwa cha habari kilicho juu yake. Kwenye jedwali sharti mara nyingi liko kwenye kichwa cha safu, "baada ya malipo" kwa mfano, na kila kisanduku chini yake kina namba tu. Ukichota kisanduku peke yake umeacha sharti nyuma.

Na hiyo "saa" iangalieni sana. Kwenye mkataba mmoja unakuta "saa 2:00" maana yake asubuhi ofisi ishafunguliwa, na ukurasa wa pili "ndani ya saa 2" maana yake muda wa kungoja. Nimeona karatasi iliyoandikwa "Huduma ya uthibitisho wa barua ya utambulisho: saa 2", watu wakawa wanakuja saa mbili asubuhi wakidhani ndio muda wa kupanga foleni. Andikeni "muda usiozidi saa mbili tangu kukabidhi".

#10 Nairobi Mashinani

Niaje wadau. Huku Kenya bango la mkataba liko getini kabisa, safu nne: huduma, mahitaji, ada, muda. Ni rahisi kusoma lakini lina mtego wake. Ofisi zinatakiwa kuwa nalo kwa Kiingereza na Kiswahili, na mara nyingi yaliandikwa na watu tofauti. Kuna ofisi moja nilikuwa naisaidia kuandaa karatasi ya wahudumu wa mapokezi. Bango la Kiingereza lilikuwa limesema siku kumi za kazi, la Kiswahili likasema "siku 10" basi. Mwananchi aliyesoma la Kiswahili alikuja siku nne kabla. Kwa hivyo mkinakili, nakilini lugha zote mbili kando kwa kando, na mkiona hazilingani msiamue nyinyi, peleka kwa mwenye bango alirekebishe.

Kuhusu ubishi wa siku, kwetu Sura ya 2 ya sheria zetu, kifungu cha 57, kinasema siku ya tukio haihesabiwi, na muda ukiwa hauzidi siku sita, Jumapili na sikukuu zinarukwa. Ukizidi sita zinahesabiwa, isipokuwa siku ya mwisho ikiangukia siku ya mapumziko inasogea. Kwa kanuni hiyo siku 14 za DawatiMbele zingekuwa za kalenda. Hoja Nzito angekuwa sahihi.

#11 Hoja Nzito

Asante ndugu yangu wa Nairobi. Mmeona sasa?

#12 Kaka Wakili

Usisherehekee mapema 😄. Hicho kifungu kinahusu muda uliotajwa kwenye sheria iliyoandikwa. Kijitabu cha halmashauri si sheria, na Kenya si Tanzania. Ni mwongozo mzuri wa kufikiria, ila hauwezi kuubandika kaunta Mwanza ukasema ndiyo kanuni.

Kinachofaa ni kutenganisha muda wa mkataba na muda wa sheria kwenye karatasi yenyewe. Mfano maombi ya taarifa: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi yetu siku zisizozidi 30 kujibu. Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka huohuo wa 2016, siku 21, na saa 48 kama inagusa uhai au uhuru wa mtu. Sasa mtu akileta barua ya kuomba taarifa chini ya sheria hiyo, ni "barua" ya siku 7 za kazi au ni maombi ya siku 30? Mkataba mwingi haujibu. Mimi naona siku 7 ziwe za kumjulisha kwamba barua imepokelewa na inashughulikiwa, 30 ziwe za jibu lenyewe. Lakini mkataba wa DawatiMbele umesema "zitajibiwa", haukusema "zitathibitishwa kupokelewa".

#13 Mama Wawili

Jamani na mimi nisaidieni. Mkataba wa huduma za vizazi nimeambiwa unasema siku 90 kupata cheti cha kuzaliwa. Mwanangu mdogo ana miezi miwili, kwa hiyo nisubiri mwezi mmoja tena ndio nifuate?

#14 Mzee wa Masjala

Hapana mwanangu, usisubiri! Hizo siku 90 ni zako wewe mzazi, si za ofisi. Ndio muda wa kwenda kusajili kizazi bila kuingia kwenye utaratibu wa waliochelewa. Nenda wiki hii na tangazo la kizazi ulilopewa hospitali.

DawatiMbele, umeona mfano? Kwenye vijitabu hivi muda uko wa aina mbili. Upo ambao ofisi imejifunga, na upo ambao mteja ametakiwa aufuate, na mara nyingi yote imo kwenye ukurasa mmoja. Ile amri ya Dogo itakuletea yote bila kubagua. Kwa hiyo weka safu inayosema "muda wa nani". Kuna dawati niliwahi kulikuta na siku za mteja kukata rufaa zimeandikwa kama siku za ofisi kutoa uamuzi. Watu walikuwa wanakaa nyumbani wakisubiri majibu huku siku zao za rufaa zinaisha.

#15 Mama Wawili

Mungu akubariki mzee wangu. Ningekaa kweli.

#16 Shangazi Tabu

Na hati yangu je? Hakuna aliyenijibu.

#17 Afisa Mpangomji

Shangazi pole. Hati ni mfano wa ahadi ambayo halmashauri haimiliki safari yake yote. Halmashauri inaandaa, lakini anayesaini ni Kamishna Msaidizi wa Ardhi aliyeko ofisi ya ardhi ya mkoa. Kwa hiyo hata mkataba wa halmashauri ukisema siku kadhaa, uliza: mpaka hatua ipi? Mara nyingi ni mpaka rasimu kutoka hapa kwenda mkoani. Ukifika kesho usiulize "hati yangu iko wapi", uliza "faili langu limetoka kwenu kwenda mkoani tarehe ngapi, kwa kumbukumbu namba gani?" Wakikutajia namba, unaifuata mkoani. Wakishindwa, basi bado liko kwao.

DawatiMbele, nikirudi kwako: kibali cha ujenzi kina ugonjwa huohuo. "Siku 14 baada ya maombi kukamilika." Kukamilika ni lini? Kwetu michoro inapokelewa kaunta, inazunguka kwa mpangomji, mhandisi, afya na ardhi, ndipo inaenda kwenye kikao. Mteja anahesabu tangu siku aliyokabidhi michoro. Mhandisi anahesabu tangu siku mchoro uliporekebishwa. Mhasibu anahesabu tangu kontroli namba ilipolipwa. Kila mmoja ana tarehe yake ya kuanzia, na wote wanasoma mkataba mmoja.

#18 DawatiMbele

Afisa Mpangomji, hapo ndipo niliponasa. Nilikwenda idara kuuliza, nikapewa majibu mawili kwenye chumba kimoja. Naomba msaada: kwenye karatasi niandike nini pa kuanzia?

#19 Afisa Mpangomji

Andika tukio ambalo mteja anaweza kulithibitisha kwa karatasi aliyonayo mkononi. Kama ofisi haitoi hati ya kuonyesha maombi yamekamilika, basi hiyo siku 14 haina mwanzo na dawati haliwezi kuitetea. Sisi tulipambana mpaka ikakubalika kwamba siku kaunta inapopiga muhuri kwenye orodha ya viambatisho, na viambatisho vyote vina alama ya vema, hiyo ndiyo siku ya kukamilika. Kikikosekana kimoja hatupigi muhuri, tunampa mteja orodha ya kinachokosekana.

#20 Mzee wa Masjala

Hapo sikubaliani nawe, mwanangu. Ukishikilia muhuri mpaka viambatisho vitimie, umempa mtu wa kaunta uwezo wa kusimamisha saa. Nimeona ofisi ambako mteja alirudishwa mara kwa mara, leo fotokopi, kesho picha ya pasipoti, na kwenye vitabu ofisi inaonekana imetimiza siku 14 kwa asilimia zote. Mimi nasema muhuri wa masjala upigwe siku ya kwanza mtu anapofika, bila kujali. Upungufu uandikwe mara moja tu, wote kwa pamoja, kwenye karatasi yenye tarehe. Hapo unakuwa na tarehe mbili: ya kupokelewa na ya kukamilika. Karatasi ya dawati izitaje zote mbili.

#21 Afisa Mpangomji

Mzee nakuheshimu, ila ukipiga muhuri kwenye michoro isiyo na saini ya msanifu, kesho mtu anakuja na huo muhuri anasema halmashauri imeshapokea, anaanza kuchimba msingi. Yametokea.

#22 Mzee wa Masjala

Muhuri uandikwe "IMEPOKELEWA", usiandikwe "IMEKUBALIWA". Anayechimba msingi kwa muhuri wa kupokelewa huyo angechimba hata bila muhuri.

#23 Kiti cha Mbele

Hapa wazee wamekutana 🔥

#24 Mtoto wa Forodhani

Assalaam aleikum. Mimi nipo upande wa Zanzibar, nakaa dawati la wageni. Jambo langu ni dogo. Tumekuwa na vitu vitatu vya mkataba mmoja: kijitabu, kipeperushi na bango ukutani. Kijitabu kilipitiwa upya, bango halikubadilishwa. Mgeni anasoma bango anasema siku 3, mie nina kijitabu kinasema 5. Basi juu ya karatasi yetu tumeweka chanzo, mwaka wa toleo na tarehe tuliyonakili. Bila hivyo baada ya mwaka hakuna atakayejua karatasi imetoka wapi. Muangalie na zile sikukuu za upande wenu na wetu, haziendi sawa zote.

#25 Dogo wa TEHAMA

Hoja ya toleo ni muhimu sana. Leseni ya biashara kwa mfano. Mkataba wa DawatiMbele unasema "siku 1", nadhani uliandikwa enzi za fomu ya karatasi. Sasa hivi maombi yanapita mfumo wa TAUSI, mteja anajaza akiwa kwake. Ile siku 1 inaanza anapobonyeza kutuma, au anapolipa? Akituma Ijumaa saa nne usiku? Mkataba haujui kama kuna usiku. Na kuna mwingine anakuja kuulizia leseni ya Kundi A, hiyo ni ya BRELA, halmashauri inatoa Kundi B. Kwenye karatasi weka hilo wazi, usije ukamwahidi mtu siku 1 ya huduma isiyo yenu.

#26 Kaunta ya Tatu

Nimesoma wote. Mimi nakaa kaunta kila siku na nitasema msilotaka kulisikia. Mnamwambia mwananchi siku 14, mnajua vizuri vibali vinatoka baada ya mwezi na zaidi kwa sababu kikao hakikukaa. Mtu anakodi mafundi kwa ahadi yako. Kwa nini karatasi isionyeshe muda halisi? Chukua rejesta ya kibali, toa tarehe ya kupokea na tarehe ya kuchukua, mwambie mtu ukweli.

#27 Kaka Wakili

Nakuelewa, lakini kazi aliyopewa ni kutoa kilichoahidiwa. Akiweka muda halisi pale, ule mwezi ndio unageuka kuwa kiwango kipya, na idara itapumua. Mkataba ndio silaha pekee ya mwananchi anapokwenda dawati la malalamiko. Usimpunguzie.

#28 Kaunta ya Tatu

Silaha gani hiyo ya kumpotezea mtu hela ya mafundi? Wewe unakaa na vitabu, mimi natazamana naye usoni.

#29 Nairobi Mashinani

Kuna njia ya katikati. Ofisi hiyo niliyosaidia, karatasi ya mteja ilibaki na ahadi ya bango pekee. Upande wa ndani wa kaunta, ambako mteja haoni, waliweka safu ya ziada: kikao kijacho ni tarehe ngapi, mwisho wa kupokea maombi ya kikao hicho ni lini. Mhudumu anasema: "Mkataba unasema siku kadhaa. Kikao kinachofuata ni tarehe fulani, na maombi yako yameingia au hayakuingia." Hakuna ahadi mpya, na mtu anajua asikodi mafundi. Ila lazima mtu aibadilishe kila baada ya kikao, na huko walichoka haraka.

#30 DawatiMbele

Nawashukuru. Nimejaribu mstari mmoja wa kibali kwa namna mlivyoelekeza, nikosoeni:

Huduma: kibali cha ujenzi.
Muda wa nani: wa ofisi.
Muda: siku 14 (mkataba haukusema za kazi wala za kalenda).
Unaanza: "maombi kukamilika", tukio la kulithibitisha bado halijakubaliwa na idara.
Unakoma: "kitatolewa", haijulikani kama ni kusainiwa au mteja kukabidhiwa.
Sharti: viambatisho vyote na malipo, mkataba haukutaja kikao.
Maneno ya mkataba: "Kibali cha ujenzi kitatolewa ndani ya siku 14 baada ya maombi kukamilika."
Chanzo: kijitabu, jedwali la viwango, ukurasa na mwaka wa toleo.
Wa kuulizwa: mkuu wa idara, limepelekwa kwa maandishi.

Ya barua imekaa vizuri zaidi, na nimeandika kanuni ya hesabu chini yake: siku ya kupokelewa haihesabiwi, wikiendi na sikukuu za kitaifa zinarukwa. Mfano wa Agosti nimeuweka hapohapo na tarehe zake ili zamu yoyote ihesabu sawa.

#31 Mzee wa Masjala

Huo ndio mstari wa kweli. Usione haya kwa sababu una "haijulikani" nyingi. Hizo ndizo za kupeleka kwa mkurugenzi. Kwenye "unakoma" ongeza swali moja: kibali kikisainiwa na mteja asipigiwe simu, siku zimeisha au hazijaisha? Kwetu vilikuwa vinalala kabatini.

#32 Hoja Nzito

Mimi bado nasema siku 14 tupu ni za kalenda, kwa sababu sentensi ya barua iko kwenye kijitabu hichohicho na imeandikwa "za kazi". Mwandishi alijua tofauti.

#33 Afisa Mpangomji

Au sura mbili ziliandikwa na idara mbili na hakuna aliyezilinganisha. Nimekaa kwenye vikao vya kuandika hizo. Kila idara ilileta ukurasa wake.

#34 Shangazi Tabu

Nimekwenda leo. Nimeuliza kama mlivyonifundisha, tarehe na kumbukumbu namba. Faili halijatoka, liko palepale, limekosa fomu moja ambayo hakuna aliyewahi kunitajia. Nimeomba waniandikie upungufu wote kwa pamoja na tarehe, wamesita, mwisho wameandika. Sasa nihesabu kuanzia leo au kuanzia siku ile ya kwanza?

#35 Mzee wa Masjala

Ile ya kwanza, shangazi. Una risiti?

#36 Afisa Mpangomji

Leo. Ndio maombi yamekamilika leo ukileta hiyo fomu.